Kiingereza dakika 30 kwa siku ukiwa na kazi na watoto: maswali ambayo wazazi wa Kisumu huniuliza sana

Mimi hufundisha kikundi kidogo cha wazazi jioni huku Manyatta, wengi ni wamama wa soko, wababa wawili wa bodaboda, na mmoja anafanya kazi ya usiku. Hakuna mwenye saa mbili za kukaa na kitabu. Maswali yao yanafanana sana kwa hivyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu, na karibu yote yanazunguka kitu kimoja: kuongea na shule ya mtoto. Hapo ndio nashauri mtu aanzie.

Dakika 30 kweli zitanifikisha mahali?

Zitakufikisha, lakini tupige hesabu ili usije ukakata tamaa. Dakika 30 kwa siku sita ni masaa 3 kwa wiki, na ukienda mwaka mzima bila kuacha ni kama masaa 156. Watu wa Cambridge, wale wanaotunga mitihani ya Kiingereza, wanakadiria masaa 180 hadi 200 ya kufundishwa mtu afike kiwango kinaitwa A2, yaani anaweza kununua, kuuliza njia, kujieleza kwa sentensi fupi na kusoma ujumbe rahisi. Kiwango kinachofuata, B1, wanasema masaa 350 hadi 400 ukihesabu tangu mwanzo. Kwa hivyo mwaka mmoja haukufanyi uongee kama mtangazaji wa habari. Lakini mzazi mwingi wa huku hajaanza sifuri, alifika darasa la sita au la nane, maneno yapo kichwani yamelala tu, na ndio maana miezi minne mitano unaona tofauti kubwa.

Ila masaa 3 ukiyatawanya kwa kila kitu, leo wimbo, kesho grama, kesho kutwa habari, yanapotea. Chagua eneo moja dogo, ulimalize, ndio uende lingine.

Nianzie na kitabu gani?

Usinunue kitabu kwanza. Fungua simu, tafuta meseji tatu za mwisho kutoka shule ya mtoto. Hicho ndio kitabu chako cha mwezi wa kwanza. Ni Kiingereza ambacho kinakuhusu, kinarudia maneno yale yale kila muhula, na ukikosa kukielewa unaumia, kwa hivyo akili inakishika. Ukimaliza meseji unaenda dayari ya mtoto, halafu maagizo ya homuwaki, halafu ripoti ya mwisho wa muhula.

Nitoe wapi dakika 30 na nina mtoto wa miaka miwili?

Usizitafute zikiwa pamoja, hutazipata. Zikate mara tatu. Mimi huwaambia wazazi: kumi asubuhi, tano mchana, kumi na tano jioni.

Zile kumi za asubuhi ni za kadi, nitazieleza hapa chini. Unazifanya chai ikichemka kabla watoto hawajaamka, manake wakishaamka imeisha. Zile tano za mchana ni za mdomo: unasikiliza sauti uliyorekodi kwenye simu na kurudia kwa nguvu, unaweza kufanya hiyo ukitembea kwenda stejini au ukiwa kibandani wateja wamepungua. Zile kumi na tano za jioni ni za kusoma na mtoto mkubwa, mdogo akiwa kwa mapaja, wacha ashike kurasa, hakuna shida.

Kama kazi yako ni ya usiku geuza tu, kadi zikae jioni kabla hujatoka. Kitu ambacho kinaharibu ni kusema nitafanya zote saa nne usiku watoto wakilala. Saa hiyo umechoka, unasoma mstari mmoja mara tano na hauingii.

Nionyeshe wiki moja nzima inavyokaa.

Sawa, nichukue ya mama mmoja wa kikundi chetu, anauza omena Kibuye, mtoto wake yuko gredi ya tatu. Alikuja na meseji hii:

"Dear parent, kindly note that we break for half term on Thursday at noon. Kindly pick your child in time and clear all fee balances before opening day. Thank you."

Alisema anaelewa "parent", "child", "Thursday" na "fee". Mengine alikuwa anakisia.

Jumatatu tulitafuta maneno ya kitendo peke yake: note, break, pick, clear. Hii ni siri ya meseji za shule, ukishajua kitendo unajua unatakiwa ufanye nini. "Kindly note" haikuambii ufanye kitu, inakwambia ujue tu. "Kindly pick" na "clear" hizo sasa ni kazi yako. Alishtuka kwa mawili. "Break" yeye alijua ni kuvunja, hapa ni kufunga shule kwa muda. Na "clear" alidhani ni kusafisha, kumbe kwa pesa ni kulipa deni lote liishe.

Neno lililotupatia kazi ni "balance". Kwa M-Pesa balance ni pesa uliyo nayo. Kwa meseji ya shule fee balance ni pesa unayodaiwa. Neno ni moja, kwa simu linakufurahisha na kwa shule linakutafuta. Tuliliandikia kadi mbili tofauti.

Jumanne mtoto wake alisoma ile meseji polepole, akairekodi kwa simu. Sekunde ishirini hivi. Mama akawa anaisikiliza akienda soko, anasimamisha kila kipande na kurudia: "we break for half term", tena, "we break for half term". Hakuwa anakariri neno moja moja, alikuwa anashika kipande kizima, na hiyo ndio inafanya mtu aongee bila kutafuta maneno mdomoni.

Jumatano aliandika majibu yake, mistari mitatu tu:

"Good morning, teacher. I will pick my child at noon. I will pay the balance on Monday."

Kuna mtu atakwambia iwe "pick up". Ni kweli nje ya Kenya wanasema hivyo, na mtihani utataka hivyo, lakini mwalimu wa hapa ataelewa zote mbili.

Alhamisi alifunika karatasi akasema yote kwa mdomo, akakwama kwa "balance on Monday", akaweka "in Monday". Siku ya wiki inaenda na "on", saa inaenda na "at". Sisi kwa Kiswahili tunasema tu Jumatatu, saa sita, bila neno dogo kama hilo mbele, kwa hivyo lazima uwe unakumbuka kuliweka. Ijumaa alibadilisha vipande: Thursday ikawa Tuesday, noon ikawa four o'clock, my child ikawa my daughter. Sentensi moja ikazaa kama nane. Jumamosi alituma ile meseji yake kwa mwalimu kwa ukweli, na mwalimu akajibu. Jumapili alipumzika.

Hiyo ndio wiki. Meseji moja, sentensi kumi hivi.

Saa zinanichanganya, nilifika shule kukiwa kumefungwa.

Hii hutokea sana na sio ujinga. Sisi tunaanza kuhesabu asubuhi jua likichomoza, Kiingereza kinaanza usiku wa manane, kwa hivyo kuna tofauti ya masaa sita. Angalia saa ya ukutani: namba unayosema kwa Kiingereza, ile iliyo upande wa pili kabisa ndio ya Kiswahili. 8 inaangaliana na 2, kwa hivyo "eight o'clock" ni saa mbili. 4 inaangaliana na 10, kwa hivyo "four o'clock" ni saa kumi. "Noon" ni saa sita mchana. Wiki moja, kila ukiangalia saa, iseme kwa lugha zote mbili. Hiyo haihesabiwi hata kwa dakika 30.

Kadi ni za nini, na mbona nasahau kila kitu baada ya siku mbili?

Unasahau kwa sababu kila mtu husahau hivyo, hasa siku za kwanza. Dawa yake ni kurudia kabla haijapotea kabisa, na kila ukikumbuka unaongeza siku za kungoja.

Kata karatasi ngumu, hata jalada la daftari la zamani, vipande vya ukubwa wa kadi ya karata. Upande mmoja andika hali kwa Kiswahili: "Mwambie mwalimu utalipa salio Jumatatu." Nyuma andika sentensi ya Kiingereza nzima. Usiandike neno moja peke yake. Na kila mara anza na upande wa Kiswahili, useme Kiingereza kwa sauti ndio ugeuze. Ukianza na Kiingereza utakuwa unatambua tu, na kutambua sio kuongea.

Tafuta bahasha tatu. Ya kwanza unaipitia kila siku. Ya pili Jumatano na Jumamosi. Ya tatu Jumamosi peke yake. Kadi mpya inaanza bahasha ya kwanza, ukiisema vizuri siku tatu mfululizo inahamia ya pili, ukiisema vizuri mara mbili hapo inahamia ya tatu. Ukiikosa, hata kama ilikuwa ya tatu, inarudi ya kwanza. Ongeza kadi mbili mpya kwa siku, basi.

Utajuaje umezidisha? Hesabu bahasha ya kwanza. Ikipita kadi ishirini dakika kumi hazitatosha, utaanza kukimbia bila kusema kwa sauti. Simamisha mpya hadi ishuke kumi na mbili hivi.

Naelewa nikisoma lakini nikiulizwa kwa simu nakoroga.

Nakuomba uangalie kitu kimoja kabla ya kusema huna akili ya lugha, yaani jinsi ya kujibu ndio na hapana. Yule mama wa omena aliwahi kupigiwa na shule, akaulizwa, "You don't have the balance?" Akajibu "Yes". Yeye alimaanisha ndio, ni kweli, sina hiyo pesa ya kulipa. Aliyepiga alisikia ndio, ninayo, akaandika kwamba mzazi analipa. Wiki iliyofuata mtoto akarudishwa nyumbani na mama haelewi kwa nini, manake alishasema hana. Alilia siku hiyo, na mimi niliumia sana kwa sababu maneno yote aliyajua.

Kwa Kiswahili tunakubaliana na swali. "Hujala?" "Ndio, sijala." Kwa Kiingereza unaangalia kitendo chenyewe, usijali swali limeulizwa namna gani. Kama hujafanya au huna, ni "No". Kama umefanya au unayo, ni "Yes". Na usiache neno likae peke yake, malizia:

"You don't have the balance?" "No, I don't. I will have it on Monday."

"Didn't you get the message?" "Yes, I did. I got it."

Tenga wiki nzima kwa hii peke yake, zile dakika tano za mchana. Mtu akuulize maswali kumi ya kukanusha kuhusu siku yako, hata mtoto anaweza, na wewe ujibu kwa ukweli. Siku ya kwanza utakosa nusu. Ikifika Ijumaa ukikosa mawili, umeshika.

Mwalimu alicheka nikisema "I have understood", kosa ni gani?

Sio kosa kubwa, ila inatoka kwa ile "-me-" yetu. Shule tulifundishwa "-me-" ni "have", na kwa vitendo vingi ni sawa: nimelipa, "I have paid". Lakini "-me-" pia inaonyesha hali uliyo nayo sasa, na hapo Kiingereza hakitumii "have" sana. Nimechoka ni "I am tired". Amelala ni "he is asleep". Nimesimama ni "I am standing". Nimeelewa, kwa mazungumzo ya kawaida, ni "I understand". Jiulize: nasema nilichomaliza kufanya, au nasema niko aje sasa hivi? Ukiwa unasema uko aje, achana na "have".

Na pale unapotaja siku iliyopita, "have" inatoka pia. Sisi husema nimelipa jana bila shida. Kwa Kiingereza ni "I paid yesterday". Hii mwalimu akiona kwa meseji anaelewa, lakini ukienda kuandika barua ya kazi inaonekana haraka.

Tukiwa hapo, "he" na "she". Kiswahili ni yeye, Kijaluo ni en, hakuna mwanaume wala mwanamke, kwa hivyo usishangae ukimuita binti yako "he" miezi mingi. Weka kadi mbili za watoto wako halisi, mmoja wa kiume mmoja wa kike, na ukisema sentensi mwone usoni.

Watoto wananicheka matamshi.

Rekebisha yale yanayobadilisha maana tu, mengine ni lafudhi yako na haina ubaya.

Kijaluo hakina sauti ya "sh", ndio maana "fish" inatoka "fis" na "she" inatoka "see". Lakini sauti hiyo unayo: ndio ile unamtulizia mtoto alale, shhh. Anza na hiyo, ivute, halafu uongeze mbele: shhh-e, shhh-oes. Siku kumi za dakika mbili mbili wengi wanaipata.

Wazazi wa Bungoma na Kakamega mara nyingi shida yao ni "p" na "b". Shika kipande cha karatasi laini mbele ya mdomo useme "pay", karatasi irushwe, halafu "bay", isitikisike sana. Karatasi haidanganyi, unajiangalia mwenyewe bila mtu kukuambia.

Na wote, tukiwemo sisi wa Kiswahili, tuna "live" na "leave". "I live in Nyalenda" ni fupi, mdomo umelegea. "I leave at six" ni ndefu, midomo inavutwa kama unatabasamu. Hiyo utaihitaji shuleni, manake utaulizwa unaishi wapi na unatoka kazi saa ngapi kwa dakika moja.

Mtoto wangu anajua kuliko mimi, nitasoma naye aje?

Vizuri sana, yeye awe msomaji na wewe muulizaji. Kuna mkusanyiko wa hadithi za watoto unaitwa African Storybook, uko bure kwenye africanstorybook.org, hadithi zimepangwa kwa viwango na nyingi ziko kwa Kiswahili na Kiingereza, nyingine hata kwa Kijaluo. Soma kwanza ile ya Kiswahili wewe mwenyewe ujue kinachotokea, dakika nne. Halafu mtoto anasoma ile ya Kiingereza ukifuata kwa kidole, dakika sita. Zile tano zilizobaki unamuuliza maswali matatu: "Who is this? What is she doing? Why?" Hadithi moja mkae nayo siku tatu. Siku ya tatu wewe ndio unasoma na yeye anasikiliza. Kama ukurasa una maneno mapya zaidi ya matano, shuka kiwango.

Na kuna wazazi wanataka kuanza kuongea Kiingereza na mtoto nyumba nzima. Mimi nakataa. Kuongea naye mambo mazito, kumkanya, kumbembeleza, tumia lugha unayoimudu. Zile dakika kumi na tano zinatosha.

Simu yangu ni mulika mwizi, haina intaneti.

Bado unaweza. Meseji za shule zinaingia, kadi ni karatasi, na simu nyingi ndogo zina sehemu ya kurekodi sauti, angalia vizuri. Kama haina, mtoto akusomee asubuhi mara mbili. Hadithi chukua vitabu vyake vya shule vya gredi za chini. Mwenye bando anaweza kusikiliza 6 Minute English ya BBC, ni ya bure na maandishi yake yapo, ila kwa anayeanza inakimbia, ngoja hadi umesoma miezi mitano au sita.

Nikikosa siku tatu, nne, mtoto akiugua?

Usilipize. Rudi na kadi za bahasha ya kwanza peke yake siku mbili, bila mpya, halafu endelea pale ulipoachia.

Nitajuaje kama naendelea?

Siku ya kwanza kabisa jirekodi dakika moja ukijibu: jina la mtoto wako, yuko gredi gani, wewe unafanya kazi gani, unamchukua saa ngapi. Usifute. Kila mwisho wa mwezi rekodi tena maswali yale yale, halafu sikiliza zote mbili na uhesabu mahali umesimama kutafuta neno. Yule mama wa omena mara ya kwanza alisimama mara kumi na nne kwa dakika moja. Mwezi wake wa tatu wa kusoma alisimama mara sita, na muhula huu alienda mkutano wa wazazi akauliza swali lake mwenyewe akiwa amesimama: "Can I pay half now and half next month?" Mwalimu akamjibu "Yes", na safari hii wote wawili walijua hiyo "Yes" inamaanisha nini.